Dari Lililobaki Pichani

Ukionyeshwa picha ya chumba, wewe utajuaje kwamba chumba hicho kipo?

Usijibu haraka. Nassir, kijana wa Kisauni, Mombasa, alikula mkate wake kwenye swali hilo. Kazi yake Dubai ilikuwa kutengeneza kwa kompyuta picha za vyumba ambavyo bado havijajengwa, azitengeneze hadi anayezitazama atamani kuvuta kiti akae. Alisomea uchoraji wa majengo chuoni, akatoka na cheti na imani moja ambayo wenzake walimcheka nayo: kwamba picha ya jengo ni ahadi, na mtu akiahidi asiahidi uongo.

Aliyemleta Dubai ni Sheikhan. Sheikhan alikuwa wa mtaa mmoja na yeye, amemzidi umri kwa miaka kumi hivi, mwenye kampuni ndogo ya kutengeneza ofisi kwa ndani, ghorofa ya pili juu ya kliniki ya meno, Oud Metha. Alimtafutia viza, akamtafutia kitanda Al Baraha katika fleti ya vijana wa Pwani, akampeleka mwenyewe kununua shuka. Nassir alimwita kaka, na hakulitamka neno hilo kwa adabu tu.

Mwaka ule, kiangazi kikiwa kinaanza kuuma, ilikuja kazi ya watu wa nyumbani. Kampuni ya kusafirisha mizigo, yenye ofisi ya siku nyingi Deira karibu na bandari ya majahazi, ilitaka kuhamia Oud Metha. Mwenye kampuni, Bwana Abdulbasit, alikaa Mombasa na kuiendesha Dubai kwa simu. Ofisi ya Deira ilikuwa vyumba vidogo vyenye milango. Ile mpya ingekuwa ukumbi mmoja mpana, meza zimefuatana, hakuna ukuta wala mlango kati ya mtu na mtu.

"Nenda kaone wanavyoishi," Sheikhan alimwambia. "Bwana Abdulbasit hataki picha ya gazetini. Anataka aone watu wake humo ndani."

Nassir akaenda na kamera. Chumba cha mwisho kwenye ujia kilikuwa cha Bi Mwanamkasi, mama wa Mji wa Kale aliyepokea simu za wateja wa Mombasa, Unguja, Bosaso ya Somalia na kwingineko. Juu ya kiti chake lilitundikwa sweta la kijani, maana AC ya ofisi ile haikujua wastani. Chini ya meza palikuwa na kandambili na nyaya zilizosokotana.

"Unapiga picha uchafu wangu ukaupeleke wapi?" Bi Mwanamkasi aliuliza.

"Nautia kwenye ofisi mpya, mama. Bila uchafu haionekani ofisi."

"Basi lipige na lile bakuli la halua. Wakiila wajue ina mwenyewe."

Wakacheka. Kisha mama akaufunga mlango, akasogeza ushungi kidogo upande wa kulia. Nyuma ya sikio palikuwa na kidude cha rangi ya ngozi.

"Hili la kushoto lilikufa nikiwa mtoto, kwa homa," alisema. "Hili linafanya kazi kwa msaada wa hiki. Wenzangu hapa wanajua. Bwana Abdulbasit hajui, na miaka yote simu zake nazisikia kwa sababu ya mlango huu. Kidude hiki hakichagui, babangu. Kinakuza kila kitu, kiti kikiburuzwa, mtu akikohoa. Sasa mnaniweka ukumbini. Nisiposikia simu, mimi wa kazi gani? Viza yangu ni ya kazi. Nina wajukuu wawili Mombasa wanasoma kwa mkono huu."

Nassir aliaga. Alikwenda kutazama ukumbi mpya ukiwa mtupu, akapiga kofi moja katikati. Sauti ikagonga zege la juu, ikagonga kioo, ikarudi, ikaendelea kuzungukazunguka. Akaelewa mama alikuwa akiogopa nini.

Alirudi na mpango, na Sheikhan akaukubali. Paneli za kunyonya sauti, za kitambaa kizito kama blanketi lililogandamizwa, zingening'inizwa wima chini ya zege, safu kwa safu, zikipita kati ya mabomba ya hewa baridi na trei za nyaya. Nyingine zingebandikwa kwenye ukuta wa nyuma unaotazamana na kioo. Kona ile, mbali na mlango, ingekuwa ya Bi Mwanamkasi, na skrini ya kitambaa ingesimama mbele ya meza yake. Isingekuwa mlango, lakini maneno ya wengine yangefika kwake yamekwisha kuchoka.

Kisha akaanza picha.

Picha ya kwanza ilikuwa safi, na hilo ndilo lililoiharibu. Bwana Abdulbasit alikuwa ameomba mwanga wa mchana ulio sawa ukumbi mzima, na Nassir akampa. Alitega taa zisizoonekana kila pembe, taa za kwenye kompyuta ambazo hazina balbu wala waya, hadi meza ya ndani kabisa ikang'aa sawa na ya dirishani. Sheikhan alisimama nyuma yake na kikombe cha karak, chai nzito ya maziwa.

"Umechora hospitali."

"Ameomba mwanga sawa, kaka."

"Sawa, lakini hapa hata kivuli cha kiti hakuna. Watu wake wamekufa wote? Yalla, fanya tena."

Nassir hakukasirika, kwa sababu Sheikhan alisema kweli. Alizifuta taa zote za uongo, akaanza upya kutoka kwenye mwanga uliopo. Vioo vya ukumbi vilitazama kaskazini, kwa hiyo jua lenyewe halikuingia. Iliingia nuru ya anga, na anga la Dubai lenye vumbi huitandaza nuru kama chandarua. Aliruhusu nuru hiyo ipungue kadiri ilivyoingia ndani, kama inavyopungua kweli, kisha akaijazia kwa taa ndefu za darini, pale pale ambapo fundi angezifunga. Akazipa weupe wa wastani, usio wa buluu wala wa manjano, zisigombane na dirisha. Meza akazifanya za rangi ya mbao hafifu ili zirudishe mwanga juu. Mwanga ukawa sawa kwa macho ya mtu aliyekaa mezani, lakini chini ya kila meza pakabaki giza laini, na kila mguu wa kiti ukakanyaga kivuli chake.

Halafu dari. Wachoraji wengi huliogopa dari lililo wazi, wakatupia mabomba mawili matatu bila mpango. Nassir alilipanga kama fundi. Bomba kuu la hewa lilitoka kwenye chumba cha mashine, likapungua unene kila lilipotoa tawi. Trei za nyaya zilishikiliwa na vyuma vya kuning'inizia. Vinyunyizio vya maji ya kuzimia moto vilikaa kwenye safu zao, na pale paneli ilipokaribia kukizuia kimoja, alisogeza paneli. Kona zote alizilainisha kidogo, maana hakuna kona duniani iliyo kali kama inavyochorwa na kompyuta. Kila paneli akaigeuza nyuzi zake, isifanane na jirani yake.

Mwisho akawaweka watu bila kuweka mtu. Kiti kimoja kimegeuzwa, mwenyewe ameinuka kwenda kuswali. Kandambili. Bakuli la halua. Waya zilizosokotana chini ya meza ya tatu. Na kwenye kona ya nyuma, sweta la kijani juu ya kiti.

Sheikhan aliitazama kwa karibu. Alimshika Nassir bega.

"Hii, mdogo wangu, mtu ataiingia na viatu."

Waliipeleka Deira ikiwa imechapwa kubwa. Wafanyakazi wakajazana ujiani, kila mtu anatafuta meza yake. Bi Mwanamkasi alilitambua sweta lake, akaliwekea kidole.

"Na haya yaliyoning'inia," akauliza, "ni pambo, au ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Yatakuwepo? Siyo pichani tu?"

Sheikhan alikuwa pale. Alimtazama Nassir, akatabasamu, akamwachia nafasi ya kujibu. Nassir akajibu kwa niaba ya wote wawili, mkono kifuani.

"Siku utakayohamia, yatakuwa juu ya kichwa chako. Ahadi yangu."

"Basi Bwana Abdulbasit akiniuliza, nitamwambia tuko tayari." Bi Mwanamkasi akageukia wenzake. "Mmesikia? Kijana wa Kisauni ameapa. Tukimkosa, tunajua kwao."

Bwana Abdulbasit aliikubali picha, lakini aliweka sharti moja: watu wake hawahami mpaka aone dari limekwisha. Alishawahi kuhamishiwa watu kwenye jengo lisilo na maji.

Kazi ikaanza. Nassir akapewa kazi nyingine, ya mgahawa, na kwenye ukumbi hakwenda tena. Wiki chache zikapita. Siku moja Sheikhan akamjia na ombi la kando, akiwa na furaha ya mtu aliyebuni mchezo.

"Ile picha ya watu wa mizigo, unaweza kuifanya ionekane imepigwa kwa simu? Ya kuweka Instagram. Siku hizi watu wamechoka na picha za 3D, wanataka kitu cha mkono."

"Kwa simu ya nani? Yako yenye kioo kilichopasuka?"

"Yangu hiyo hiyo. Nione kama unaweza."

Nani angekataa? Nassir alilivaa jambo lile kama mashindano. Alishusha kamera ya kwenye kompyuta hadi urefu wa kifua cha mtu. Akaiinamisha kidogo upande, kama mkono uliochoka. Aliacha dirisha liungue kwa weupe, maana simu haishiki nje na ndani kwa wakati mmoja. Akatia chembechembe kwenye vivuli, akafifisha ukingo mmoja kana kwamba kidole kimegusa lenzi. Nembo ya kampuni iliyokaa pembeni akaiondoa, kwa kuwa simu haina nembo. Sheikhan aliitazama, akaiweka simu sikioni mwake kwa mzaha.

"Halo? Kuna mtu humu ndani anaongea."

Walicheka pamoja. Nassir alirudi Al Baraha jioni ile akijiona bingwa.

Ilikuwa Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya kazi Dubai miaka ile, alipokutana na Zakayo kwenye ngazi za ofisi. Zakayo alikuwa fundi wa dari wa Sheikhan, Mtanzania wa Morogoro, mtu mrefu asiyehitaji ngazi kubwa.

"Kaka, wale watu wako wa mizigo wamehamia leo," Zakayo alisema. "Makelele humo, utadhani mnada."

"Makelele? Paneli hazijasaidia?"

Zakayo alimkazia macho. "Paneli zipi? Zilikuja, ndiyo. Bosi akasema zipelekwe kwenye kazi yetu nyingine, kliniki ya ngozi, madam mwenye nayo ana haraka ya kufungua. Nimezifunga zote kule mimi mwenyewe. Pamependeza kweli."

Nassir aligeuka, akashuka ngazi mbio. Jengo la ukumbi mpya lilikuwa mtaa wa pili. Alifika ukumbini jasho likimtoka, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kutazama juu.

Bomba kuu lilikuwepo, na matawi yake. Trei zilikuwepo. Vinyunyizio, taa ndefu, vyote mahali alipovichora. Katikati yake, pale paneli zilipopaswa kuning'inia, palikuwa na zege tupu. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe kama sahani. Chini yake watu wa Deira, waliozoea kusemea nyuma ya milango yao, walikuwa wakisemea wote kwa pamoja, na kila neno likipanda, likigonga, likiwarudia.

Bi Mwanamkasi alikuwa kwenye kona yake, skrini haipo, kidole kimoja, kwa mazoea, kwenye sikio lililokufa, simu kwenye lile jingine.

"Unasema Unguja au Bosaso? Nirudilie, baba. Samahani, nirudilie."

Alipoikata simu, akamwona Nassir. Hakumpa salamu. Alifungua WhatsApp, akamgeuzia kioo. Bwana Abdulbasit alikuwa amewatumia wote picha, na chini yake maneno: *Sheikhan amenipigia picha leo. Mashallah, dari limekwisha. Hamieni Jumapili.*

Ilikuwa picha yake. Imeinama kidogo upande. Kidole kwenye lenzi.

"Mimi nilipoiona nikasema basi, kijana katimiza," Bi Mwanamkasi alisema taratibu. "Tukafungasha. Nikakabidhi ufunguo wa chumba changu. Nimefika hapa asubuhi, nimetazama juu nikadhani nimekosea ghorofa." Akamtazama. "Picha ile wewe ndiwe uliyeichora, sivyo? Sweta langu limo, nami nilikuwa bado sijalileta."

"Mama, sikujua ya nini."

"Hukujua." Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake. "Leo tayari Bwana Abdulbasit ameniuliza kama nimezeeka. Mzigo wa Unguja nimeuandikia Bosaso."

Nassir akarudi ofisini, akamkuta Sheikhan mezani kwake akila sambusa.

"Paneli ziko wapi?" Nassir aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Umemtumia Bwana Abdulbasit picha ya kompyuta ukamwambia ni ya simu."

"Nimemtumia picha. Aliyeamini ni yeye." Sheikhan alifuta vidole kwa karatasi. "Sikiliza, mdogo wangu. Yule madam wa kliniki ana majengo mengine manne. Hawa ni watu wetu, watatuvumilia. Paneli nyingine zitakuja, inshallah, zikipatikana."

"Lini?"

"Inshallah, nimesema."

"Nilimwahidi yule mama mbele yako. Ulisimama pale ukacheka."

"Wewe ndiwe uliyeahidi. Mimi nilifunga mdomo." Alisema bila ukali, na hapo ndipo palipouma. "Khalas, Nassir. Unataka kumpigia Bwana Abdulbasit? Mpigie. Mwambie na nani aliyeifanya ionekane ya simu. Mwambie ulivyocheka."

Nassir akampigia, pale pale, mbele yake. Alieleza yote bila kujificha, kuanzia taa hadi lenzi. Upande wa pili ikaja sauti ya mzee mpole.

"Kijana, mimi si mtoto. Nimeitazama ile picha kwa miwani. Chini ya meza kuna waya zimesokotana kama tambi. Kuna bakuli la halua. Nani atakaa achore waya zilizosokotana?"

"Mimi, bwana. Ndiyo kazi yangu."

"Umegombana na Sheikhan?"

"Nakutumia picha ya dari lilivyo sasa hivi." Alikuwa ameipiga kule ukumbini, akiielekeza juu. Akaituma.

"Hii ninayo," Bwana Abdulbasit alisema baada ya kitambo. "Sheikhan alinitumia kama hii mwezi uliopita. Hii ni ya kabla."

"Basi waulize watu wako. Muulize Bi…"

Amuulize Bi Mwanamkasi nini? Kama anasikia? Na yeyote kule akiulizwa habari ya dari, mzee angetaka kujua makelele yanamzuia nani, na jibu lilikuwa moja. Kwa miaka yote mama yule alikuwa ameilinda siri ya sikio lake nyuma ya mlango mmoja, na Nassir ndiye aliyemshawishi auache. Leo tu ameshaulizwa kama amezeeka. Neno moja zaidi kutoka kwake na mama angemwaga unga.

"Muulize nani?" mzee aliuliza.

"Samahani, bwana. Nitakupigia."

Sheikhan alikuwa anamtazama. Alimsogezea sahani. "Kula kitu," alisema. "Umefanya kazi nzuri mno, hilo ndilo kosa lako peke yake."

Nassir aliondoka bila kugusa sambusa. Pale Al Baraha alikaa kitandani, juu ya shuka aliyonunuliwa na kaka yake, akaigeuza simu mkononi. Alimwandikia Bi Mwanamkasi kwamba akimruhusu atamweleza Bwana Abdulbasit habari ya sikio, na kwamba yuko tayari kukosa viza yake kwa hilo. Jibu likaja fupi: *Ukikosa yako, mimi nitapata masikio? Niache kwanza nione mwenyewe.*

Asubuhi iliyofuata alipanda tena ukumbini kabla ya kwenda kazini. Zakayo alikuwa kwenye ngazi kwenye ukuta mweupe wa nyuma, drili mkononi, akitoboa. Kwa kila tundu ukumbi mzima ulilia, na watu wakainua sauti zaidi kwenye simu zao. Chini ya ngazi, imeegemezwa ukutani, palikuwa na picha kubwa yenye fremu nyeusi, ile iliyopelekwa Deira, imechapwa upya kwenye kitambaa.

"Zawadi ya bosi," Zakayo alieleza kwa kumfurahisha. "Amesema ipambe ukuta, uko mtupu mno."

Zakayo na mwenzake wakainyanyua, wakaitundika. Paneli za pichani zikaning'inia pale, safu kwa safu, zisizonyonya hata pumzi. Bi Mwanamkasi alisimama mbele yake, simu ikiwa bado inaita mkononi. Alimwona Nassir mlangoni. Alilichukua sweta la kijani kutoka kwenye kiti, akalivaa, akakisukuma kiti chenye magurudumu kupita kati ya meza za wenzake, mpaka kwenye mlango mzito wa ngazi za dharura. Akausukuma kwa mgongo, akapita.

Mlango ulikuwa wa kujifunga wenyewe. Kabla haujafunga, Nassir aliisikia sauti yake huko kwenye ngazi, ikirudi kwenye kuta za zege, sauti yake peke yake.

"Naam, Mombasa. Sema sasa, nakusikia."